Wayo Usioteleza: Maegemeo Matatu ya Mguu wa Katuni

Vua viatu, simama sakafuni, kisha piga hatua moja polepole huku ukiutazama mguu wa kushoto. Kisigino ndicho kinachogusa sakafu kwanza, vidole vikiwa bado juu. Wayo unalala wote. Mwili unapita juu yake. Halafu kisigino kinanyanyuka, lakini vidole vinabaki palepale, vimelala, na mguu unakunjika pale nyuma ya vidole, kwenye ile sehemu nene tunayoisimamia tukichungulia juu ya ukuta. Mwisho kabisa inabaki ncha ya kidole gumba, nayo inaiacha sakafu.

Tangu kisigino kilipogusa mpaka ncha ilipoondoka, hakuna hata sehemu moja ya wayo iliyoteleza. Kilichobadilika ni mahali mguu ulipoegemea: kwanza kisigino, kisha kiungo cha vidole, kisha ncha. Katuni nyingi za kompyuta zinazotengenezwa na wanaoanza zinakosea hapa hapa. Mhusika anatembea, mikono inapunga vizuri, kichwa kinacheza vizuri, ila miguu inateleza kama ya mtu aliye kwenye vigae vilivyomwagwa sabuni. Mtazamaji hajui kosa liko wapi, lakini haamini kwamba yule mtu ana uzito.

Nilipoanza kazi hii nilikabidhiwa kipande cha sekunde kumi: msichana wa shule anavuka ukumbi mtupu. Nilikaa nacho siku nne. Kila fremu nilikuwa naurudisha mguu mahali pake kwa mkono, na kila nikitazama upya nakuta kiatu kinatetemeka. Aliyekuwa akinifundisha alikuja, akasimama nyuma ya kiti.

“Mwalimu, mbona kiatu kinateleza na mimi nimekipanga kila fremu?” nikamuuliza.

“Kwa sababu unakishika kifundo,” akanijibu. “Mtu hatembei kwa kifundo, kijana wangu. Anatembea kwa wayo.”

Maneno yake yanaeleweka vizuri zaidi ukiyapigia hesabu. Mguu wa yule msichana ulikuwa na urefu wa sentimita 24. Kisigino kilikuwa sentimita 5 nyuma ya kifundo, kiungo cha vidole sentimita 12 mbele yake, na kutoka kiungo hicho hadi ncha ni sentimita 7. Kifundo chenyewe kilikuwa sentimita 8 juu ya sakafu. Kwenye mifupa ya kawaida ya katuni, kidhibiti cha mguu kinakaa kwenye kifundo, na ukikizungusha, mguu wote unazunguka pale. Sasa mnyanyue msichana kisigino kwa nyuzi 30 kwa njia hiyo. Ngozi iliyo chini ya kiungo cha vidole itazama karibu sentimita 5 ndani ya sakafu, na papo hapo itarudi nyuma sentimita 5 na nusu. Kwa hiyo inakulazimu ukiinue kifundo na kukisogeza mbele ili kufidia. Unafanya hivyo, unaweka ufunguo, na fremu ile inakuwa safi.

Tatizo liko kati ya funguo mbili. Kompyuta inakipeleka kifundo kutoka ufunguo wa kwanza hadi wa pili kwa njia iliyonyooka, wakati kifundo cha mtu kinachora tao kukizunguka kiungo cha vidole. Katikati ya safari, tofauti ya mstari na tao kwa mguu huu ni karibu nusu sentimita. Nusu sentimita ni ndogo, lakini kiatu kilichotulia sakafuni kikisogea kiasi hicho na kurudi, jicho linaona. Ukiongeza ufunguo katikati unapunguza kosa na kuzaa makosa mawili madogo zaidi. Hapo ndipo siku zangu nne zilipokwenda.

Dawa ni kugeuza utaratibu wa mifupa. Katika mwili, mnyororo unashuka: paja linabeba muundi, muundi unabeba wayo, wayo unabeba vidole. Katika kiunzi tunachokitaka, ambacho mafundi wa kazi hii wanakiita rigi ya mguu wa kinyume, mnyororo unapanda kutoka chini: sakafu inabeba kisigino, kisigino kinabeba ncha, ncha inabeba kiungo cha vidole, na kiungo cha vidole kinabeba kifundo. Ukizungusha chochote, kilichogusa sakafu kinabaki, na kifundo ndicho kinachokwenda. Tao linajichora lenyewe, kwa sababu sasa kifundo kinaning'inia kwenye egemeo lililotulia.

Nitaeleza ujenzi wake kwa Blender, kwa kuwa ni programu ya bure na ndiyo niliyoitumia kumrekebisha yule msichana. Msomaji wa Maya atakuta mantiki ni ileile, majina tu ndiyo tofauti.

Tuseme mguu wa kushoto tayari una mifupa minne inayovuta ngozi: `thigh.L`, `shin.L`, `foot.L` na `toe.L`, na mhusika anatazama upande wa hasi wa mhimili wa Y kama ilivyo desturi ya Blender. Goti liwe limekunjwa kidogo sana kuelekea mbele tangu mwanzo, la sivyo programu haitajua likunjwe upande gani. Sasa ongeza mfupa wa kidhibiti, `foot_ctrl.L`, chini ya mguu. Huu usizaliwe na mfupa wowote wa mguu wenyewe. Ukiuweka chini ya `shin.L`, muundi utakuwa unaufuata wayo na wayo unaufuata muundi, na Blender italalamika kwamba kuna mzunguko usio na mwanzo.

Halafu yanakuja maegemeo matatu. Ni mifupa mifupi tu, sentimita tatu kila mmoja inatosha: `heel.L`, `tip.L` na `ball.L`. Urefu wake hauna kazi. Chenye kazi ni mahali kichwa cha kila mfupa kilipo, maana pale ndipo utakapozungukia. Ilaze yote mitatu, ielekee nyuma, upande wa kisigino, na mhimili wake wa Z uangalie juu. Ukifanya hivyo, kuzungusha kwa namba chanya kwenye mhimili wa X kutanyanyua upande wa nyuma wa mguu, na namba hasi itanyanyua vidole, kwa mifupa yote mitatu sawasawa. Nimeona kiunzi ambacho mmoja wa mifupa hii ulielekea mbele na mingine nyuma. Kisigino kilipopanda, vidole vilichimba sakafu, na aliyekijenga alitafuta kosa kwenye fomula jioni nzima.

Mahali pa kuweka maegemeo pana mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Egemeo la kisigino haliwi kwenye mfupa wa kisigino bali kwenye ukingo wa nyuma wa soli, pale inapokutana na sakafu, yaani Z ni sifuri. Egemeo la ncha vilevile liko sakafuni. Wengi huliweka kwenye mkia wa `toe.L`, ambao kwa kawaida uko sentimita moja au mbili hewani, ndani ya kidole, na wanashangaa kwa nini pua ya kiatu inazama kila msichana anapoondoa mguu. Kiatu cha shule pia kina pua iliyopinda juu kidogo. Hapo egemeo lisifuate mwisho wa kiatu, bali mahali pa mbele kabisa ambapo soli inagusa sakafu. Kwa msichana wangu palikuwa sentimita moja na nusu nyuma ya pua.

Egemeo la kiungo cha vidole lina sharti lake la peke yake. Hili halikai sakafuni. Lazima kichwa chake kiwe mahali palepale kilipo kichwa cha `toe.L`, bila tofauti ya hata milimita, ambapo kwa mguu huu palikuwa sentimita mbili na nusu juu ya sakafu. Sababu ni kwamba wayo halisi na vidole halisi vinakutana pale. Ukiuzungusha wayo kwenye nukta nyingine, kiungo chao kinasogea, na vidole, ambavyo vimeshikana na wayo, vinaburutwa kwa kiasi cha tofauti hiyo. Usikadirie kwa jicho. Chagua kichwa cha `toe.L`, bonyeza Shift+S, peleka kishale cha 3D pale, kisha ulete kichwa cha `ball.L` kwenye kishale.

Sasa nakili mifupa miwili kwa Shift+D bila kuisogeza: nakala ya `foot.L` iite `ik_target.L`, na nakala ya `toe.L` iite `toe_ctrl.L`. Hizi zitakuwa kivuli ambacho mguu halisi utakiiga. Kisha funga uzazi wa mifupa kwa Ctrl+P ukichagua Keep Offset. `heel.L` awe mtoto wa `foot_ctrl.L`. `tip.L` awe mtoto wa `heel.L`. `ball.L` awe mtoto wa `tip.L`. `ik_target.L` awe mtoto wa `ball.L`. Na `toe_ctrl.L`, angalia hapa, awe mtoto wa `tip.L`, si wa `ball.L`.

Tawi hilo la mwisho ndilo linalofanya vidole vibaki vimelala. `ball.L` inapozunguka inabeba kifundo peke yake, na vidole havisikii chochote kwa sababu si watoto wake. `tip.L` inapozunguka inabeba vidole na kifundo pamoja. `heel.L` inabeba vyote. Ukiukosea ufungaji huu, vidole vikawa chini ya `ball.L`, utapata mguu usiokunjika kabisa, unaonyanyuka kama ubao. Mifupa yote hii mipya izimiwe Deform, isije ikavuta ngozi.

Kilichobaki ni kuuambia mguu halisi ufuate. `shin.L` ipewe Inverse Kinematics, ikilenga `ik_target.L`, na Chain Length iwe 2, yaani muundi na paja tu. `foot.L` ipewe Copy Rotation kutoka `ik_target.L`. `toe.L` ipewe Copy Rotation kutoka `toe_ctrl.L`. Basi. Ukiingia Pose Mode na kuuzungusha `ball.L` kwa mkono, utaona kisigino kinapanda, goti linakunjika lenyewe, na vidole havijatikisika. Mimi nilipoona hilo mara ya kwanza nilikaa nalizungusha dakika nzima bila kufanya kitu kingine.

Ungeweza kuishia hapo na kuhuisha mifupa mitatu kila mmoja kivyake. Kwa picha ya karibu ya kiatu hilo ni jambo zuri. Kwa mtu anayevuka ukumbi ni mzigo, maana una mistari mitatu ya mwendo inayopaswa kupokezana kijiti bila kugongana. Hivyo tunaiunganisha kwa namba moja. Mpe `foot_ctrl.L`, ukiwa Pose Mode, Custom Property yenye jina `roll`. Blender huanza kwa kuipa mipaka ya 0 na 1. Badilisha iwe kutoka -30 hadi 90, ukiichukulia kama nyuzi. Namba hasi itakuwa vidole juu, sifuri wayo umelala, namba chanya kisigino juu.

Kisha weka Driver kwenye X Rotation ya kila egemeo, kigezo chake kikisoma `pose.bones["foot_ctrl.L"]["roll"]`, na maelezo haya:

```
heel.L   radians(min(roll, 0))
ball.L   radians(max(0, min(roll, 80 - roll)))
tip.L    radians(max(0, min(roll, 2*roll - 80)))
```

Tuyasome taratibu. La kwanza linasema kisigino kishughulike na namba hasi tu, na `roll` ikivuka sifuri kitulie. La pili linasema kiungo cha vidole kipande pamoja na `roll` mpaka 40, kisha kianze kujinyoosha, hadi kwenye 80 kiwe kimerudi sifuri. La tatu linasema ncha isubiri mpaka 40 ipite, kisha ipande kwa kasi maradufu. Maradufu kwa sababu inafanya kazi mbili: inaunyanyua mguu, na papo hapo inafidia kile ambacho kiungo cha vidole kinakipunguza. Chukua `roll` ya 60. Kiungo cha vidole kiko nyuzi 20, ncha iko nyuzi 40, jumla 60. Chukua 30, kiungo kiko 30 na ncha sifuri, jumla 30. Jumla ya viwili daima ni sawa na namba uliyoiandika, kwa hiyo wayo hausiti wala hauruki pale kijiti kinapobadilisha mkono. Hiyo 40 ni kikomo cha kukunjika kwa kiatu chako. Buti gumu la askari lipe 20, na badala ya 80 uandike 40. Miguu mitupu inaweza kukubali 50, na 80 ikawa 100.

Kuna mtego unaomkamata karibu kila mtu hapa. Mifupa ya Blender huzaliwa ikizunguka kwa Quaternion (WXYZ), na Driver uliyoiweka kwenye X ya Euler haina nguvu juu yake. Unaandika fomula sahihi, unavuta `roll`, na hakuna kinachotokea. Badilisha Rotation Mode ya maegemeo matatu iwe XYZ Euler na yataamka.

Sasa tumtembeze msichana. Fremu 24 kwa sekunde, na mzunguko mzima wa mguu mmoja, kutoka kisigino kugusa mpaka kisigino kilekile kugusa tena, unachukua fremu 24, yaani sekunde moja. Kwa mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida, mguu huwa chini kwa takriban asilimia 60 ya mzunguko na hewani kwa asilimia 40. Kwetu hiyo inampa mguu wa kushoto sakafu kuanzia fremu ya 1 hadi kama ya 16.

Weka ufunguo wa mahali wa `foot_ctrl.L` kwenye fremu ya 1, na uunakili bila kubadilisha kitu kwenye fremu ya 16. Kati ya hizo mbili usikiguse tena kidhibiti hicho, si mahali, si mzunguko. Ukijikuta unataka kukisogeza, ujue kuna kosa mahali pengine. Kila kitu kitakachotokea sakafuni kitatokea kwa `roll` peke yake.

Fremu ya 1, `roll` ni -25: kisigino kimegusa, vidole juu. Fremu ya 4 ni 0, wayo umelala. Inabaki 0 mpaka fremu ya 8, wakati mwili unapita juu. Fremu ya 13, ambapo kisigino cha mguu wa kulia ndipo kinapogusa, ni 40, na kiungo cha vidole kiko kwenye mkunjo wake mkubwa kuliko wote. Fremu ya 16 ni 65: kiungo kimeshalegea hadi nyuzi 15 na ncha imefika 50. Mguu unaondoka. Kwenye fremu ya 20, hewani, `roll` imerudi 20, na fremu ya 25 ni -25 tena, huku `foot_ctrl.L` ikiwa imekwenda mbele sentimita 130.

Jambo la hewani linalosahaulika ni hili: `roll` chanya inanyanyua kisigino, haimnyanyui kidole. Maegemeo yako chini, kwa hiyo usipoinua kidhibiti chenyewe sentimita tatu au nne kwenye fremu ya 20, pua ya kiatu itakwaruza sakafu njia nzima.

Jacquelin Perry, daktari wa Marekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi Rancho Los Amigos huko California, alichapisha mwaka 1992 kitabu kikubwa juu ya uchunguzi wa mwendo wa binadamu, na humo alieleza mguu uliogusa chini kama kitu kinachobembea kwa zamu tatu: juu ya kisigino, juu ya kifundo, kisha juu ya sehemu ya mbele ya wayo. Alikuwa akiwafikiria wagonjwa, si katuni. Lakini ukilinganisha na kiunzi chetu utaona kwamba kifundo hakimo kwenye maegemeo matatu tuliyojenga. Hakijasahauliwa. Kati ya fremu ya 4 na ya 8, wakati `roll` ni sifuri na wayo umelala kimya, nyonga zinakwenda mbele na Inverse Kinematics inauinamisha muundi juu ya wayo. Zamu hiyo ya kifundo unaipata bure, na ndiyo maana usiifupishe. Wanaoanza huanza kunyanyua kisigino mara tu baada ya wayo kulala, na mhusika anaonekana anadundadunda badala ya kutembea.

Kiunzi kikiwa sahihi, bado mistari ya mwendo inaweza kukisaliti. Kutoka -25 hadi 0, mstari laini unaweza kupitiliza, `roll` ikafika 2 au 3 kisha ikarudi, na kisigino kikaruka kidogo kama kimekanyaga kaa la moto. Kwenye Graph Editor chagua funguo hizo, bonyeza V, uchague Auto Clamped. Fanya hivyohivyo kwa funguo mbili za mahali za fremu ya 1 na ya 16: zina thamani moja, lakini mikono yake ikiwa imeinama, mstari kati yao unavimba, na mguu unasogea ingawa funguo zote mbili ni sahihi. Nikiona mguu unateleza kwenye kiunzi cha namna hii, huko ndiko ninakokwenda kutazama kwanza.

Namna ya kujua bila kubahatisha ni kuchora njia ya mwendo. Chagua `toe.L`, nenda kwenye Motion Paths, ukokotoe kwa Heads. Kila fremu inakuwa nukta moja. Kuanzia fremu ya 4 hadi ya 13 nukta zote zinapaswa kurundikana mahali pamoja hadi zionekane kama moja. Zikiwa zimetawanyika kwa mstari mlalo, kidhibiti kinasogea, kosa ni la mistari ya mwendo. Zikiwa zimechora tao dogo, `ball.L` haijakaa sawasawa kwenye kichwa cha `toe.L`, kosa ni la ujenzi.

Mifupa ikitulia na kiatu bado kinazama, basi tatizo ni ngozi. Mtazame mhusika kutoka ubavuni, weka bapa kwenye Z ya sifuri, na uvute `roll` polepole kutoka -30 hadi 80. Soli yote iliyo mbele ya mkunjo inatakiwa imtii `toe.L` kwa asilimia mia. Ikiwa `foot.L` imeachiwa hata kiasi kidogo pale, soli ya vidole itavutwa kisigino kinapopanda. Mkunjo wenyewe uwe mwembamba. Wengi wanaupaka mpana ili upendeze, na wanapata kiatu kinachopinda kama ndizi.

Mifupa ya mguu wa kulia inapatikana kwa Symmetrize, ila kabla ya kuiamini hakikisha kila egemeo lina Driver yake na kwamba inasoma `foot_ctrl.R`. Mguu wa kulia unaosoma namba ya kushoto unanyanyua visigino vyote viwili kwa wakati mmoja, na kwenye mwendo wa haraka unaweza usigundue mara moja.

Kiunzi hiki hakiijui sakafu. Ukimpandisha msichana kilima, yeye hajui kama kuna mteremko. Inakubidi uuinamishe `foot_ctrl.L` ulingane na ardhi, na maegemeo yote matatu yatainama nao. Kwenye ngazi ambapo ncha pekee ndiyo inayokanyaga, kisigino kikiwa hewani, namba moja haitoshi, na hapo utafurahi kwamba mifupa mitatu bado ipo chini ya fomula na unaweza kuizungusha mmoja mmoja kwa kuziondoa Driver zake kwenye nakala ya kiunzi. Kuubingirisha wayo upande wa ndani na wa nje ni maegemeo mengine mawili, ya ubavuni, ambayo yanaingia kati ya `heel.L` na `tip.L`. Ndani ya Blender kuna Rigify inayojenga mguu wa namna hii kwa kubonyeza, na hakuna ubaya kuitumia, ila aliyewahi kuujenga kwa mkono ndiye atakayejua pa kushika siku kisigino kitakapozama.

Kile kipande cha ukumbi nilikifanya upya. Kujenga kiunzi cha miguu miwili kulichukua asubuhi moja. Kumtembeza msichana hatua zake zote kulimalizika kabla ya swala ya alasiri, na kwenye njia ya mwendo ya kila kidole, kwa kila hatua, fremu za mguu kulala zilikuwa nukta moja.